UZI: Kikundi cha wagonjwa wa TB, dakika arobaini za kuzungumza. Tuanzie wapi?

Mratibu_Kikundi
Habari zenu wadau. Nimepewa nafasi ya kuzungumza na kikundi cha watu wanaotibiwa kifua kikuu. Ni kama watu kumi na tano, wengi wako ndani ya miezi miwili ya kwanza, wote wana TB ya kawaida (siyo sugu). Nimetakiwa nigusie mambo matatu: kumeza dawa kila siku, maudhi ya dawa, na unyanyapaa. Nina dakika arobaini tu, maswali yakiwemo.

Rasimu yangu imejaa maelezo ya bakteria na historia ya ugonjwa. Nikiisoma naona watu watasinzia. Nataka mtu akitoka pale ajue afanye nini kesho asubuhi. Wenye uzoefu wa kliniki na famasia naombeni mnisaidie.

Muuguzi_Dirisha4
Mkuu, bakteria waache. Anza na mkojo.

Sitanii. Kati ya mambo yanayowafanya watu waache dawa wiki ya kwanza bila kumwambia mtu, mkojo mwekundu umo. Mtu anameza vidonge asubuhi, saa chache baadaye anaenda chooni, anaona rangi ya chungwa iliyokolea au nyekundu kabisa, anaamini anakojoa damu. Kama hakuambiwa mapema, kesho hamezi. Ile ni rangi ya rifampisini tu. Inatoka kwenye mkojo, jasho, mate na machozi, na inaweza kutia doa shuka na nguo nyeupe. Haina madhara. Mwenye kuvaa lenzi za macho azivue kwa kipindi chote cha matibabu maana zitabaki na rangi.

Ukishawatuliza hapo, ndipo uwafundishe kitu cha pili, ambacho ndicho kinaokoa maisha: si kila mkojo wenye rangi ni wa dawa. Ini likianza kuumia, mkojo nao unabadilika. Watofautishe hivi:

Mkojo wa rifampisini una wekundu wa chungwa. Unakolea saa chache baada ya kumeza, kisha unapauka kadiri siku inavyokwenda. Mtu mwenyewe anakula vizuri na macho yake ni meupe.

Mkojo wa ini una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Unabaki hivyo asubuhi, mchana na usiku. Mara nyingi kabla ya rangi hiyo mtu amekuwa na siku kadhaa za kukosa hamu ya kula, kichefuchefu kisichoisha, uchovu usio wa kawaida, pengine maumivu chini ya mbavu za kulia. Baadaye weupe wa macho unageuka manjano.

Waambie wasitegemee mkojo peke yake, kwa sababu rangi ya dawa inaweza kuficha rangi ya ini. Macho ndiyo shahidi. Asimame mahali penye mwanga wa jua, siyo chini ya taa, avute kope ya chini, amwombe mtu mwingine atazame. Rifampisini kwa kawaida haigeuzi weupe wa jicho kuwa manjano. Ukiona manjano machoni, hiyo ni hospitali leo, na dozi inayofuata haimezwi mpaka aonwe.

Babu_Dozi
Naongezea hapo kwenye kichefuchefu. Dawa ya kichefuchefu ni rahisi: vidonge vitatu usivimeze kwa mkupuo. Meza kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku ukienda kulala, tena ukiwa umekula. Tumbo halitasumbua. Wengi hawaambiwi hili.

Mfamasia_Kaunta
Babu, shikamoo. Nusu ya ulichosema ni sahihi, nusu nyingine itamuumiza mtu.

Sahihi ni hii: mtu anayesumbuliwa na tumbo anaweza kuhamishia dozi yake usiku kabla ya kulala, au akameza pamoja na chakula kidogo. Kwa kawaida dawa hizi hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, yaani saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Lakini mtu akichagua kati ya kumeza na chakula au kuacha kumeza, ameze na chakula.

Isiyo sahihi ni kugawa. Vidonge vya mchanganyiko vinavyotumika miezi miwili ya kwanza vina dawa nne ndani ya kila kimoja: rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Mtu wa kilo 40 hadi 54 humeza vitatu, wa kilo 55 hadi 70 humeza vinne. Vitatu kwa pamoja vinampa rifampisini miligramu 450. Rifampisini inaua vizuri inapofika kiwango cha juu kwenye damu mara moja kwa siku. Ukiigawa mara tatu, kile kilele hakifikiwi. Jumla ya siku inaonekana imetimia kwenye kadi, lakini bakteria hawajakutana na dawa yenye nguvu iliyokusudiwa.

Jambo jingine, uliza nani anatumia dawa za kiungulia, zile za maji meupe au za kutafuna. Zenye aluminiamu zinapunguza ufyonzwaji wa isoniazidi. Ziachane na dozi ya TB kwa angalau saa mbili.

Babu_Dozi
Marahaba. Nimekuelewa kuhusu kugawa. Nilichanganya na dawa za kisukari.

Mama_Tunu
Samahani naingilia. Mimi niko mwezi wa pili wa dawa. Macho meupe, mkojo wangu mwekundu kama mlivyosema. Ila nyayo zinawaka moto usiku, kama ganzi na sindano. Niliambiwa ni damu haizunguki, nipake mafuta ya moto. Hayo mafuta yanaingiliana na dawa?

Muuguzi_Dirisha4
Pole mama. Mafuta hayaingiliani na dawa, lakini hayatagusa tatizo. Na usiyatumie ya moto sana, maana mguu wenye ganzi unaungua bila kujua.

Kuwaka moto na ganzi zinazoanzia nyayo zote mbili, mtu akiwa kwenye dawa hizi, jambo la kwanza kufikiriwa ni isoniazidi. Inapunguza vitamini B6 mwilini na mishipa ya fahamu inaumia, ile mirefu ya miguuni ikitangulia. Wanaopata zaidi ni wajawazito na wanaonyonyesha, wenye kisukari, wanaoishi na VVU, wanywaji wa pombe, wenye matatizo ya figo, na waliokonda sana kwa kukosa chakula. Je, kuna kundi ambalo wewe umo? Huna haja ya kujibu hapa hadharani, mwambie muuguzi wako.

Dozi ya kinga ya B6, inayoitwa piridoksini, ni ndogo, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Dalili zikishaanza inahitajika kubwa zaidi, mara nyingi 50 hadi 100, na atakayepanga ni daktari. Angalia kwenye paketi yako: wapo wanaopewa piridoksini tangu siku ya kwanza, wakaiacha wakidhani ni kitamini cha kuongeza hamu ya kula tu.

Dawa za TB unaendelea nazo. Usisubiri siku yako ya kliniki, nenda wiki hii.

Mama_Tunu
Ahsante dada. Kile kidogo cheupe kweli nilikiacha. Nitaenda.

Dkt_Makohozi
Mratibu, swali la Mama Tunu limekupa muundo wa mazungumzo yako. Usiwape watu orodha ndefu ya maudhi. Wape mafungu mawili.

Fungu la kwanza: unaendelea na dawa, lakini unasema. Humo mna mkojo mwekundu, kichefuchefu chepesi, viungo kuuma (huyo ni pirazinamidi, na dawa ya kawaida ya maumivu husaidia), miguu kuwaka moto, kuwashwa ngozi bila vipele.

Fungu la pili: unasimamisha dawa zote na unaenda kituoni siku hiyo hiyo. Macho ya manjano au mkojo wa chai ya rangi pamoja na kutapika mfululizo. Macho kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Vipele vyenye homa, au vidonda mdomoni na machoni, au ngozi kubabuka. Michubuko na damu kutoka bila sababu. Kuchanganyikiwa au kuacha kukojoa.

Kuhusu macho kuona ukungu, hiyo ni ethambutoli na mshipa wa jicho. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: kila wiki mtu afunike jicho moja asome maandishi madogo yaliyo kwenye paketi ya dawa, kisha afunike la pili. Macho yote mawili yakiwa wazi, zuri linaweza kulificha bovu. Ajaribu na kitu chekundu na cha kijani. Ikisimamishwa mapema, kwa kawaida kuona kunarudi. Ikiachwa kuendelea, upofu unaweza kubaki.

Nasisitiza neno "zote". Asichague ya kuacha wala asipunguze idadi ya vidonge kwa akili yake. Mtu akipunguza vidonge kutoka vitatu hadi kimoja "ili ini lipumzike", ini linaendelea kuumia na bakteria wanazoeshwa dawa. Huko ndiko TB sugu inakopikwa.

Kijana_Usafi
Daktari, ukisema "simamisha zote" kwenye kikundi huoni utawapa watu ruhusa ya kuacha? Mimi nasimamia wagonjwa majumbani. Neno la kwanza watakalobeba ni "simamisha".

Dkt_Makohozi
Hofu yako ina msingi. Ndiyo maana namtaka Mratibu apitishe mfano mmoja mpaka mwisho, watu waone kwamba kusimamisha ni hatua ya kwanza tu, na hatua ya pili ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Atumie huu kama unamfaa.

Tuseme kuna mtu wa kilo 52, anameza vidonge vitatu. Wiki ya tatu anaanza kichefuchefu, anasema ni njaa. Wiki ya nne chakula kinamshinda, anatapika mara mbili kwa siku, mkojo wa jioni una rangi ile ile ya asubuhi. Hapo ndipo wengi wanakosea kwa njia mbili. Wa kwanza anajikaza kwa sababu aliambiwa asiruke hata siku moja. Wa pili anaacha kimya, anapata nafuu baada ya wiki mbili, kisha anarudia vidonge vitatu vile vile, na ini linapigwa upya, safari hii pengine vibaya zaidi.

Anayefanya sawasawa hamezi dozi ya siku hiyo, anaenda kituoni na paketi yake na kadi yake. Anapimwa damu ya ini. Tuseme kipimo kinachoitwa ALT kimetoka 260, na kikomo cha juu cha maabara hiyo ni 40. Hiyo ni zaidi ya mara sita. Kwa mtu mwenye dalili, mara tatu zinatosha kusimamisha. Kwa asiye na dalili, ni mara tano. Kwa hiyo dawa zote zinasimama kwa amri ya daktari. Anaulizwa kuhusu pombe, dawa za mitishamba na dawa za maumivu, anapimwa homa ya ini ya virusi. Kipimo kinarudiwa mpaka kishuke chini ya mara mbili ya kikomo, kwa maabara hii chini ya 80, na dalili ziwe zimeisha.

Kisha dawa zinarudishwa moja moja, siyo kwa kidonge cha mchanganyiko. Kwa kawaida rifampisini hutangulia, mara nyingi ikiwa na ethambutoli, ambayo haina shida na ini. Baada ya siku tatu hadi saba kipimo kinarudiwa, inaongezwa isoniazidi. Pirazinamidi ndiyo inayoongoza kwa kuumiza ini, kwa hiyo ikiwa mtu aliugua vibaya mara nyingi hairudishwi kabisa. Pirazinamidi ikiachwa, matibabu yanakuwa miezi tisa badala ya sita.

Hii ya mwisho waambie wazi, kwa sababu ndani ya kikundi mtu mmoja atakuwa na vidonge tofauti na wenzake na atamaliza baadaye. Wasipojua sababu wataanza kunong'ona kwamba yeye ndiye mwenye TB sugu.

Kijana_Usafi
Hiyo ya kunong'ona ni kweli kabisa. Nimekubali mfano, ila bado ningemaliza na sentensi "umesimamisha, umeenda, siku hiyo hiyo" na kuwafanya wairudie.

Mwana_Takwimu
Nina swali la kumeza kila siku. Mtu akiruka siku moja, anaanza upya? Kuna kliniki inasema hivyo, kuna nyingine inasema aongeze tu mwishoni. Nani yuko sahihi?

Muuguzi_Dirisha4
Siku moja haianzishi upya matibabu. Akikumbuka jioni, ameze jioni hiyo hiyo. Akikumbuka kesho yake, ameze dozi ya kesho tu, asimeze mbili kwa pamoja. Siku iliyorukwa inasogezwa mwishoni, kwa sababu tunachohesabu ni dozi, siyo kalenda. Kwenye kadi nyingi mwezi una dozi 28, kwa hiyo awamu ya kwanza ni dozi 56 na ya pili ni 112, jumla 168. Mtu aliyekosa nne katika awamu ya kwanza hahamii awamu ya pili mpaka amalize hizo nne.

Kukatiza kwa muda mrefu ni habari nyingine. Katika awamu ya kwanza, ukipita siku 14 mfululizo bila dawa, miongozo mingi inataka kuanza upya. Katika awamu ya pili inategemea ni dozi ngapi zilishamezwa na makohozi yalikuwaje mwanzo. Ikifika miezi miwili mfululizo bila dawa, mtu anaandikwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji, na akirudi anapimwa upya, pamoja na kuangalia kama bakteria wamekuwa sugu.

Ndiyo maana kliniki mbili zilikupa majibu tofauti. Huenda ziliulizwa kuhusu watu wawili tofauti.

Mwana_Takwimu
Na akitapika baada ya kumeza?

Muuguzi_Dirisha4
Kwangu, akitapika ndani ya nusu saa, na hasa akiviona vidonge kwenye matapishi, anarudia dozi. Baada ya saa moja harudii.

Mfamasia_Kaunta
Hapo mimi na wewe tunatofautiana kidogo dada. Naona salama zaidi apige simu kabla ya kurudia, kwa sababu anayetapika wiki ya tatu au ya nne anaweza kuwa ndiye yule wa mfano wa daktari. Kumrudishia dozi ini likiwa limeumia si jambo dogo. Kutapika mara moja siku ya pili ya matibabu sina shida nako, arudie.

Muuguzi_Dirisha4
Wasio na simu je? Kituo kiko mbali, ni saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nitabaki na nusu saa yangu, ila naongeza: akitapika siku mbili mfululizo asirudie tena, aje aonwe.

Sauti_ya_Kikundi
Naona mmeacha unyanyapaa uwe kipande cha mwisho. Naomba Mratibu auingize katikati, kwa sababu unyanyapaa ndio unaoharibu dozi. Mfano mdogo: vidonge vinavyofichwa.

Mtu hataki wa nyumbani waone paketi ya TB. Anavitoa vidonge kwenye zile karatasi zake za bati, anavitia kwenye mfuko wa nailoni au kichupa cha dawa nyingine, anakificha jikoni au bafuni. Mfamasia anisahihishe, lakini nilivyofundishwa, vidonge vya mchanganyiko havipendi unyevu.

Mfamasia_Kaunta
Uko sahihi kabisa. Rifampisini na isoniazidi zikikaa pamoja kwenye unyevu na joto zinaharibiana, na anayepungua zaidi ni rifampisini. Kidonge kinaweza kubadilika rangi, kuwa na madoadoa au kuanza kulainika, na wakati mwingine hakionyeshi chochote. Mtu anameza kila siku kwa uaminifu, dozi haimfikii.

Kama lazima afiche, asivitoe kwenye karatasi yake. Akate kwa mkasi kipande cha vidonge vitatu bila kutoboa vile vifuko, akiweke kwenye pochi au bahasha ngumu, mbali na jua na mvuke. Akitoka nyumbani kwa siku nne achukue vipande vinne. Hapo amepata siri yake na dawa imebaki nzima.

Sauti_ya_Kikundi
Ahsante. Hiyo ya mkasi ifanye kwa vitendo, Mratibu. Beba karatasi tupu, ikate mbele yao.

Kuhusu kumwambia mtu, usiwaambie "jitangazeni". Mwambie kila mmoja amchague mtu mmoja tu, anayekuwa naye saa ya kumeza. Siyo lazima awe mume au mke. Kisha amlete kliniki siku ya kuchukua dawa, asikie kutoka kwa muuguzi, kwa sababu mambo yale yale yakisemwa na mgonjwa yanaonekana ni ya kujitetea. Mambo ya kusikia ni matatu: TB inaenezwa kwa hewa mtu anapokohoa, anapopiga chafya au kuimba. Haienezwi kwa kikombe, sahani, shuka, choo wala kushikana mikono. Na mtu akiwa kwenye dawa zinazofanya kazi, uambukizaji unashuka haraka, ndani ya siku hadi wiki chache.

Kumtengea mtu kikombe hakumkingi yeyote. Kufungua dirisha la chumba anacholala kunakinga. Ukiweza kuwafanya wanafamilia wabadilishane hivyo, waache vikombe wafungue madirisha, umemaliza kazi kubwa.

Kaka_Barakoa
Wiki mbili zikipita hawaambukizi tena, kwa hiyo kwenye kikundi waambie watupe barakoa. Barakoa ndiyo inayowanyanyapaa.

Dkt_Makohozi
Kaka, wiki mbili ni kweli kwa wengi, kwa sharti kwamba wanameza kila siku na bakteria wao wanasikia dawa. Aliyeruka nusu ya dozi, au ambaye ana usugu usiogunduliwa, kalenda haimlindi. Na kumbuka katika kikundi wanaweza kuwemo wanaoishi na VVU, ambao wakiambukizwa upya wanaumia zaidi.

Ningependekeza mkutano ufanyike nje kivulini, au chumba chenye madirisha pande mbili yakiwa wazi. Ambaye hajatimiza wiki mbili, au bado anakohoa sana, apewe mazungumzo haya kliniki peke yake na ajiunge baadaye.

Sauti_ya_Kikundi
Hapo kwa "ajiunge baadaye" siafiki sana daktari. Wiki mbili za kwanza ndizo za mkojo mwekundu na ndizo za upweke. Ukimwambia asije, unamtenga wakati anapotuhitaji zaidi. Nje, kivulini, wote wavae barakoa kwa usawa, wapya na wa zamani na Mratibu mwenyewe. Hakuna atakayejua nani ni mpya.

Dkt_Makohozi
Kama kweli ni nje na kweli wote wanavaa, naweza kukubali. Chumbani, hapana.

Bibi_Harusi_Mtarajiwa
Mimi naomba kuuliza kingine. Dada yangu yuko kwenye dawa hizi na ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Kuna mtu alimwambia TB inaua kijiti. Ni uzushi?

Mfamasia_Kaunta
TB haikigusi, rifampisini ndiyo. Inalifanya ini livunje dawa nyingi haraka, zikiwemo homoni za vidonge na vipandikizi. Kijiti bado kiko mkononi lakini nguvu yake imepungua. Kwa muda wa matibabu atumie na kondomu, au aulize kuhusu kitanzi cha shaba. Asiache dawa za TB kwa sababu hiyo.

Mratibu, ongeza hapa: anayetumia dolutegravir kwa ajili ya VVU anahitaji dozi ya pili ya miligramu 50 saa 12 baada ya ile ya kwanza, kwa kipindi chote cha rifampisini. Wenye dawa za kisukari za kumeza na za kuzuia damu kuganda nao wanahitaji kupimwa na kurekebishiwa dozi. Lakini usiulize kikundini nani anatumia nini. Sema "kila mmoja apeleke dawa zake zote kliniki kwenye mfuko mmoja, hata za mitishamba", basi.

Mratibu_Kikundi
Nimeandika upya. Nitaanza na mkojo, kisha macho kwenye mwanga wa jua, kisha mfano wa kilo 52 mpaka mwisho. Katikati mkasi na karatasi tupu. Dozi 168 na kanuni ya siku iliyorukwa. Kikombe na dirisha. Mkutano nimeuhamishia nje, barakoa kwa wote.

Bado nina kitu kimoja. Wengi kikohozi kinaisha wiki ya tatu na wanaongezeka uzito. Wanaona wamepona. Hilo niliseme vipi bila kuwatisha?

Dkt_Makohozi
Waambie kilichotokea ndani. Wiki za mwanzo dawa zinaua wale bakteria wanaozaana kwa kasi, ambao ndio wanaoleta kikohozi na homa. Wanaobaki wamelala au wanazaana polepole sana, na dawa zinawapata pale tu wanapoamka. Hatujui yupi ataamka siku gani, kwa hiyo dawa inatakiwa iwepo kila siku.

Na huko kuongezeka uzito kutumie. Aliyeanza na kilo 38 akameza viwili, akifika 41 mwisho wa mwezi wa pili, dozi yake inapaswa kuangaliwa upya kwa sababu amevuka kundi. Apimwe uzito kila anapochukua dawa. Mwisho wa mwezi wa pili atoe makohozi, na tena mwezi wa tano na wa sita kama TB yake ni ya mapafu iliyoonekana kwenye makohozi. Akisema hana tena makohozi ya kutoa, ajaribu asubuhi kabla ya kupiga mswaki, anawe kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara kadhaa kisha akohoe kutoka kifuani. Mate hayatoshi, maabara itayarudisha.

Kijana_Usafi
Mratibu, saa ya kumeza je? Wengi wangu nimewawekea kengele ya simu, lakini kengele inalia mtu akiwa kwenye daladala na vidonge viko nyumbani.

Muuguzi_Dirisha4
Afunge dozi kwenye kitu anachokifanya kila siku akiwa nyumbani, kama kuamka kwenda kuswali au kufungua mlango asubuhi, na kengele iwe ya akiba, dakika thelathini baada ya hapo. Ikilia na ameshameza, anaizima. Ikilia na hajameza, bado hajatoka nyumbani. Na kadi aweke alama baada ya kumeza. Wanaoweka alama kabla wakidhani watameza baadaye, ndio unaowakuta na kadi iliyojaa na paketi yenye vidonge vilivyobaki. Ukimtembelea, hesabu vidonge, kadi uitazame baadaye.

Kijana_Usafi
Nimeipata hiyo. Kesho naanza na vidonge.